Ili Rehema asile nauli: maswali ya walimu kuhusu somo la bajeti na akiba kwa kidato cha tano na sita

Ukurasa huu ni kwa mwalimu anayetaka kufundisha kupanga matumizi na kuweka akiba ndani ya vipindi viwili vilivyounganishwa, akitumia kisa kimoja tu. Maswali ni yale ambayo walimu wenzangu huniuliza wakishasoma kisa hiki, au wakishakijaribu darasani na kukwama.

Kisa chenyewe ni kipi?

Hiki hapa, kama ninavyokiandika ubaoni:

"Rehema anaanza kidato cha tano katika shule ya bweni Morogoro. Nyumbani kwao ni Singida. Ada na vitu vyote vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga vimeshalipiwa. Siku ya kuondoka, mama yake anampa shilingi 110,000 na kumwambia: 'Mwanangu, hii ndiyo hiyo mpaka mfunge shule. Sina nyingine.' Mpaka kufunga kuna wiki 13. Nauli ya kurudi ni 27,000. Bodaboda mpaka stendi na chakula cha njiani ni 5,000. Rehema anatamani kununua kikokotoo cha hesabu cha shilingi 20,000, kwa sababu kila siku anaazima. Mpangie."

Basi. Bei za sabuni, kopi na vya kula siziandiki. Wanafunzi wanazijua kuliko mimi, na kuzitaja ni sehemu ya kazi yao. Nauli pia irekebishe kulingana na shule yako: chagua safari ambayo wanafunzi wako wengi huisafiri, kisha tumia nauli wanayolipa kweli. Nauli kikomo za mabasi ya mikoani hutangazwa na LATRA, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha.

Kwa nini kisa cha mwanafunzi wa bweni, na si cha mfanyakazi mwenye mshahara?

Kwa sababu mshahara hurudi kila mwezi, na pesa ya Rehema hairudi. Anayepata kidogo kidogo akikosea mwezi huu anajirekebisha mwezi ujao. Anayepewa fungu moja lazima aione wiki ya 13 akiwa bado yuko wiki ya kwanza, na huo ndio ugumu ambao wanafunzi wetu wanao sasa hivi. Mkulima aliyeuza alizeti anao, na mwanafunzi wa chuo aliyeingiziwa boom la mkopo anao pia.

Sababu ya pili ni nauli. Nimekuwa mwalimu wa zamu siku ya kufunga shule zaidi ya mara moja. Saa kumi na moja alfajiri mabegi yamepangwa getini, wenzao wanapanda gari, na wanafunzi wanne au watano wamesimama pembeni wakimsubiri mwalimu apite. "Mwalimu, nauli imepungua." Haijapungua, imeliwa. Mwaka mmoja tulichangishana walimu mpaka wote wakaondoka, na safari hiyo nyumbani nikaanza kuandika kisa hiki nyuma ya daftari la zamu.

Dakika 80 nizigawanye vipi?

Dakika kumi za kwanza ni za kubahatisha. Soma kisa kwa sauti, kisha kila mmoja aandike peke yake, bila kuongea, namba moja tu: Rehema atumie shilingi ngapi kwa wiki? Kusanya majibu, yaandike ubaoni bila kusema lipi sahihi. Usiiruke hatua hii. Wengi watagawanya 110,000 kwa 13 na kupata 8,460 na kitu. Hilo kosa ndilo somo, na unalitaka litoke mikononi mwao wenyewe mbele ya macho yao.

Kisha dakika ishirini za kutenganisha pesa ambayo si ya kutumia na ile ya kutumia, vikundi vya watu wanne. Dakika ishirini nyingine za kujaza jedwali la wiki. Halafu gawa kadi za tukio, nitazieleza chini, na wape dakika kumi na tano wapange upya. Dakika kumi na tano za mwisho vikundi viwili vieleze walichoamua, si vyote. Vikundi nane vikisoma majedwali nane, darasa linalala.

Kama una dakika 40 tu, hatua mbili za vikundi zipe dakika kumi na tano kila moja, ishia kwenye jedwali, kadi za tukio ziwe kipindi kijacho. Usijaribu kuvibana vyote. Kilichopangwa haraka bila kupigwa na tukio lolote kinabaki zoezi la kujumlisha na kutoa.

Hesabu zinatoka vipi? Nioneshe mpaka mwisho.

Anza na vitu viwili ambavyo Rehema havigusi: nauli 27,000 na pesa ya njiani 5,000. Jumla 32,000. Toa kwenye 110,000, zinabaki 78,000. Gawanya kwa 13, unapata 6,000 kwa wiki, kamili. Nimezichagua namba zitoke hivyo ili anayeogopa hesabu asikwamie hapa.

Sasa rudi ubaoni kwenye yale majibu ya 8,460. Uliza: akitumia hivyo, nauli itaanza kuliwa wiki ya ngapi? Gawanya 78,000 kwa 8,460, unapata tisa na ushee. Maana yake wiki tisa nzima Rehema anajiona yuko sawa kabisa, anafuata mpango wake, hana hata deni. Wiki ya kumi ndipo anaanza kula nauli, na bado hajui, kwa sababu noti za nauli na noti za maandazi zinafanana. Kaa hapa kidogo. Darasa langu huwa linanyamaza lenyewe.

Baada ya hapo ndiyo jedwali. Kwa bei ambazo wanafunzi wangu walizitaja, vitu vya lazima vya usafi vilitoka hivi: sabuni ya unga na ya kipande 1,000 kwa wiki, yaani 13,000 kwa muhula, pedi pakiti tatu za 2,500, yaani 7,500, dawa ya meno na mafuta 5,500. Jumla 26,000, ambayo ni 2,000 kwa wiki. Kopi za notisi na mitihani iliyopita, kurasa kumi na mbili kwa wiki kwa shilingi mia, ni 1,200. Zinabaki 2,800 kwa wiki za vya kula dukani na akiba kwa pamoja.

Hapo ndipo kisa kinapobana. Kikokotoo cha 20,000 kwa wiki 13 kinataka 1,540 kwa wiki. Vya kula vinabaki na 1,260. Andazi likiwa shilingi 200, hayo ni maandazi sita kwa wiki na shilingi 60 mkononi. Uliza darasa: inawezekana? Usijibu wewe. Wapo watakaosema ni rahisi, wapo watakaosema haiwezekani kabisa, na wote wanazungumza kutokana na muhula wao uliopita.

Neno moja kuhusu pedi. Ziingie kwenye jedwali kama sabuni inavyoingia, na zisomwe kwa sauti ile ile. Ukizifumbia jina, wavulana watacheka na wasichana watazitoa kwenye bajeti, halafu bajeti itakuwa ya uongo.

Mwanafunzi akiuliza: "Kwa nini asinunue kikokotoo siku ya kwanza kabisa?"

Mshukuru, kwa sababu ameuliza swali bora kuliko yote ya kipindi. Kila darasa ninalofundisha anatokea mmoja, na mara nyingi si yule anayeongoza kwa hesabu.

Fanya naye hesabu ubaoni. Akinunua siku ya kwanza, 78,000 zinakuwa 58,000. Gawa kwa 13, unapata 4,460 kwa wiki. Akiweka 1,540 kila wiki badala yake, 6,000 kutoa 1,540 ni 4,460. Ni ile ile! Kwa wiki anabaki na kiasi kile kile, lakini aliyenunua mapema anakitumia kikokotoo wiki 13, na aliyesubiri anakipata siku ya kufunga shule, wakati hakihitaji.

Kwa hiyo kusubiri kuna faida gani? Tumezoea kumwambia mwanafunzi kwamba akiba huja kidogo kidogo, haba na haba hujaza kibaba. Kwa anayepata kidogo kidogo ni kweli. Pesa ya Rehema haiji hivyo, yote anayo tayari. Kwake akiba ni pesa aliyonayo ambayo ameamua kuizuia. Anapoizuia, faida yake ni kwamba bado haijawa kitu. Jambo likitokea wiki ya tano, pesa iliyozuiwa inaweza kugeuka kuwa dawa au ndoo. Kikokotoo hakigeuki.

Usilifunge swali. Kuna vikundi vitachagua kununua mapema kwa hoja nzuri kabisa, kwamba Rehema anapoteza muda mwingi kuazima na kikokotoo kinasaidia alama zake. Wape haki yao. Kisha wagawie kadi za tukio.

Kadi za tukio ni nini, na niandike zipi?

Ni vipande vya karatasi vyenye jambo moja lililotokea katikati ya muhula. Kila kikundi kinachukua kimoja bila kuchagua. Mimi hutumia mbili tu, kwa sababu kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza: "Wiki ya tano. Ndoo ya Rehema imeibiwa kwenye kamba za kuanikia. Ndoo mpya ni 5,000."

Kikundi kilichoweka 1,540 kwa wiki kina 7,700 kwenye bahasha ya akiba. Kikinunua ndoo, zinabaki 2,700. Wiki nane zilizobaki zinaleta 12,320. Jumla 15,020, pungufu kwa 4,980. Kikokotoo hakinunuliki muhula huu, lakini ndoo ipo, nauli ipo, na Rehema anafunga shule akiwa na 15,020 za kuanzia.

Kikundi kilichonunua siku ya kwanza hakina bahasha ya akiba. Pesa ya ndoo itoke wapi? Ikitoka kwenye vya kula, 5,000 kwa 1,260 ni karibu wiki nne bila hata andazi moja. Wengi hawatavumilia, na watasema kwa sauti ya chini: "Achukue kwenye nauli, atarudisha." Hapo ndipo umefika. Waulize atarudisha kutoka wapi, na uwaache watafute. Wakipata njia halali, kwa mfano kuazima ndoo ya mwenzake kwa zamu na kununua ndogo ya bei nafuu, wameifanya kazi vizuri.

Ya pili: "Wiki ya tatu. Rafiki anayelala kitanda cha juu anaomba akopeshwe 5,000. Anasema mjomba wake atamtumia Jumamosi."

Hii haina hesabu nyingi, lakini ndiyo inayopigiwa kelele kuliko zote. Bwenini huwezi kumnyima mtu unayelala naye chumba kimoja na kesho ukaomba akuamshe. Kumwambia mwanafunzi "usikopeshe" ni ushauri ambao hautatumika. Swali linalofaa ni hili: ni kiasi gani Rehema anaweza kutoa ambacho kisiporudi, nauli haiguswi? Kikundi kimoja kiliniambia, "Mwalimu, ampe elfu moja na asiihesabu tena." Niliiandika ubaoni ikakaa pale mpaka mwisho wa kipindi.

Ni lazima kutengeneza noti za karatasi na bahasha?

Si lazima, lakini ukiweza fanya, kwa sababu kuna jambo ambalo namba za ubaoni hazilioneshi. Kata karatasi kumi na moja, andika 10,000 kwenye kila moja, na ukipe kila kikundi pamoja na bahasha mbili. Waambie: wekeni nauli na ya njiani kwenye bahasha moja.

Hawataweza. 32,000 haitoki kwenye noti za elfu kumi bila chenji. Watanyanyuka waje kwako "benki" kuvunja noti, na hapo unawauliza: Rehema akifika shule, noti ya kwanza ataivunjia wapi? Kwenye duka la shule, kwa soda. Wote wanajua kinachofuata: elfu kumi ikishavunjwa imekwisha. Chenji ya 9,000 na ushee inazunguka mfukoni siku tatu, na hakuna anayeweza kusema ilikokwenda.

Hatua wanayoigundua wenyewe ni kwamba Rehema avunje pesa kabla ya kuondoka Singida, nauli ifungwe peke yake, na pesa ya kila wiki iwe katika noti ndogo. Ni jambo dogo ambalo mama yake anaweza kulisaidia jioni moja mezani, na sijaona mwanafunzi akilifikia kwa kutazama jedwali peke yake.

Vikundi vinaniletea bajeti nzuri mno, ya kumfurahisha mwalimu. Nifanyeje?

Utaitambua kwa mstari wa vya kula: umeandikwa sifuri, au 200 kwa wiki, na akiba ni kubwa ajabu. Hakuna aliyewahi kuishi hivyo, nao wanajua.

Usiwasute. Wape jioni moja. "Ni Jumatano ya wiki ya nne. Maharage ya leo yana mchanga. Prepu inaisha saa nne usiku. Rehema ana njaa, na bahasha iko kwenye tranka, ufunguo anao shingoni. Anafanya nini?" Kisha wape nafasi warekebishe. Bajeti isiyompa mtu chochote cha kula inavunjika wiki ya pili, na ikishavunjika mara moja mwenye nayo anaiacha yote, pamoja na sehemu ya nauli. Ni bora aandike 1,500 ya kweli kuliko 200 ya uongo.

Dalili nyingine: mwanafunzi mmoja kaandika kila kitu na watatu wanatazama. Mpe kila mmoja mstari wake, mmoja usafi, mmoja kopi, mmoja vya kula, mmoja akiba, na kila mmoja autetee. Mwenye akiba atagombana na mwenye vya kula, jambo ambalo ndilo hutokea ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Darasani nina wanafunzi wasiopewa hata shilingi elfu ishirini. Kisa hiki hakitawaumiza?

Kinaweza, na nilifanya kosa hilo mwanzoni. Niliwaambia kila mtu aandike pesa aliyokuja nayo shule. Binti mmoja wa mstari wa mbele aliifunika karatasi yake kwa mkono, na kipindi kizima hakuinua uso. Tangu siku hiyo siulizi pesa ya mtu. Tunazungumza juu ya Rehema tu. Anayetaka kujipima ajipime moyoni.

Lakini pia nina toleo la pili, ambalo nalitoa kwa nusu ya vikundi bila kueleza kwa nini. Kila kitu ni kile kile, isipokuwa mama alimpa 45,000. Toa 32,000, zinabaki 13,000, yaani 1,000 kwa wiki. Vitu vya usafi na kopi peke yake ni 3,200 kwa wiki. Upungufu ni 2,200 kwa wiki, na kwa muhula ni 28,600. Hajala hata andazi, na kikokotoo hakipo kwenye mazungumzo.

Hapa usiwaruhusu wahitimishe kwamba Rehema huyu "ajibane". Hakuna cha kubana. Bajeti haizalishi pesa. Kazi yake hapa ni kuonesha pengo mapema na kwa namba kamili. Rehema anayejua siku ya kwanza kwamba amepungukiwa 28,600 anaweza kuzungumza: kuomba sabuni ya muhula mzima itoke nyumbani ambako ni nafuu kuinunua kwa wingi, kuchangia kopi na wenzake watatu, kumwona mwalimu mlezi kuhusu pedi kabla hajaanza kukosa masomo. Asiyejua ataligundua wiki ya tano akiwa peke yake. Vikundi vya toleo hili vikieleza kazi yao mbele ya wenzao wa 110,000, darasa linaelewa kitu kuhusu wenzao bila mtu yeyote kutajwa.

Pesa ya Rehema ikae wapi?

Swali hili lipe dakika chache, kwa sababu kila jibu lina kasoro yake.

Tranka lina kufuli, lakini wizi wa bwenini upo. Kumkabidhi matroni au mwalimu mlezi ni salama zaidi iwapo kuna daftari ambalo wote wawili wanatia saini kila pesa inapoingia na kutoka. Bila daftari, usilipendekeze. Linaharibu uhusiano hata pale ambapo hakuna aliyekosea.

Njia ninayoipenda kwa nauli ni ya kutoibeba kabisa. Mama abaki nayo Singida, aitume wiki ya mwisho. Udhaifu wake ni kwamba nyumbani nako kuna njaa na magonjwa, na nauli inaweza kuliwa huko pia. Wanafunzi hulisema hili wenyewe, kwa uchungu kidogo.

Vipi mama akituma kila wiki kwa simu ya matroni? Hapo kuna hesabu nzuri. Karatasi ya makato iko ukutani kwa kila wakala. Ipige picha uje nayo, kisha waache walinganishe gharama ya kutuma na kutoa 6,000 mara 13 na gharama ya kutuma 78,000 mara moja. Watakuta kwamba kugawa kuna bei yake, kisha waamue kama bei hiyo ni halali kwa mtu anayejijua hawezi kukaa na pesa. Kwa wengine ni halali kabisa. Na wakumbuke kwamba mama akituma bila ya kutolea, inayofika si 6,000.

Wakiniuliza kuhusu mchezo wa bwenini?

Watauliza, maana wanaucheza. Watu wanane, kila mmoja anatoa 1,000 kwa wiki, mmoja anapokea 8,000 zote. Kwa Rehema, mchezo unaweza kumzuia kula akiba yake, kwa sababu wenzake wanaidai Jumapili. Mambo mawili ya kuangalia: idadi ya watu isizidi wiki zilizobaki, na nani anapokea mwanzoni. Aliyepokea wa kwanza amekopeshwa na wote, na wa mwisho amewakopesha wote. Wa kwanza akihama shule, wanaopoteza ni wote ambao bado hawajapokea, na wa mwisho yumo kila mara. Waulize kama Rehema anaweza kuweka pesa ya nauli kwenye mchezo. Jibu la darasa langu huwa ni hapana, kwa sauti moja.

Niingize pia riba, mikopo na mfumuko wa bei?

Hapana. Riba ya wiki 13 kwa shilingi elfu ishirini haionekani, na kuilazimisha kunaliondoa darasa kwenye kinachobana. Itafutie kisa chake siku nyingine.

Nitajuaje kama wameelewa?

Usiwape swali la "taja faida tano za bajeti". Watazitaja zote na bado watakula nauli.

Mwisho wa kipindi wape kisa kifupi kipya kwenye nusu karatasi, mtu mmoja mmoja: "Baraka ana 64,000 kwa wiki 10. Nauli ya kurudi ni 18,000. Anataka viatu vya 12,000. Ana kiasi gani kwa wiki?" Unaangalia jambo moja tu mwanzoni: je, ametoa 18,000 kabla ya kugawanya? Anayegawanya kwanza bado hajafika, hata kama hesabu yake ni safi. Waliotoa nauli watapata 4,600 kwa wiki. Waliotoa na viatu watapata 3,400. Yote mawili nayapokea, mradi ameandika sentensi moja ya kueleza viatu vinanunuliwa lini na kwa nini.

Kipimo cha pili kinataka subira. Wiki ya sita ya muhula, waombe waandike matumizi yao kwa siku saba kwenye daftari ambalo hutalikusanya wala kulifungua. Siku ya nane uliza swali moja kwa darasa: nini kimekushangaza? Wakianza kutaja vitu kwa majina, soda ya Jumanne, kopi ambazo hazikusomwa, mkopo wa jirani, wanafuatilia. Wakijibu kwa maneno ya jumla kama "nimejifunza kubana matumizi", daftari halikuandikwa, na ni afadhali ulijaribu tena wiki inayofuata kuliko kuwasifu.

Nifundishe kwa lugha gani?

Kisa kiandike kwa lugha ya somo lako. Mjadala wa vikundi waachie Kiswahili. Mtu anayetafuta neno la kigeni la "kuvunja noti" hawezi wakati huo huo kufikiria kwa nini aliivunja.

Shule yangu ni ya kutwa. Kisa kitafaa?

Badilisha fungu, acha umbo. Badala ya muhula, tumia wiki: Rehema anapewa 7,500 Jumapili usiku, siku tano za shule, nauli ya daladala kwenda na kurudi ndiyo isiyoguswa. Ijumaa jioni inachukua nafasi ya wiki ya 13. Kadi ya tukio iwe mvua: Jumatano imenyesha, bodaboda kutoka kituoni ni 1,000, na hana viatu vingine. Uliza kwanza wanafunzi wako wanalipa nauli kiasi gani, usichukue ya kwenye kumbukumbu yako. Mimi nilikosea kwa shilingi 100, na darasa zima lilisimama kunisahihisha kabla sijamaliza kusoma kisa.